Flashi inasomwa, faili zinagoma: kuprinti moja kwa moja kutoka USB

Swali: Habari mtaalamu. Printa yetu ina tundu la USB kwa mbele na skrini ndogo ya kugusa. Nilichomeka flashi ya GB 64, ikasema haitambuliki. Nikachukua nyingine ya GB 8, hiyo ikasomeka. Nilikuwa nimeweka faili nne: ripoti ya PDF imetoka vizuri, barua ya Word haionekani kabisa kwenye orodha, picha ya tangazo inaonekana lakini nikiichagua inaniambia haiwezi kuprintiwa, na fomu ya PDF imetoa ukurasa mmoja wenye maneno ya Kiingereza ambayo hayahusiani na fomu. Kwenye kompyuta zote zinafunguka bila shida. Printa ndiyo mbovu?

Jibu: Salama ndugu. Printa yako ni nzima, na flashi zako zote mbili yaelekea ni nzima pia. Ushahidi umeuleta mwenyewe: ile ripoti imetoka vizuri. Ikiwa faili moja imesomwa kwenye flashi na ikatoka karatasini ilivyo, basi tundu, skrini, wino na njia ya karatasi havina kosa. Umekutana na makwazo manne tofauti kwa siku moja, kila moja likiwa na chanzo chake.

Unapoprinti kutoka kompyuta kuna kazi mbili zinafanyika kabla printa haijaguswa. Kwanza, programu kama Word inafungua faili na kupanga kurasa. Pili, draiva inazitafsiri kurasa hizo kuwa lugha ambayo printa inaielewa. Printa yenyewe inapokea kitu kilichokwisha kutafunwa. Ukichomeka flashi mbele ya printa, Word haipo na draiva haipo. Kila kitu kinabaki kwa programu chache zilizowekwa kiwandani ndani ya printa: moja ya kusoma mpangilio wa flashi, moja ya kuorodhesha majina, na nyingine za kufumbua aina chache za faili. Kwa kawaida aina hizo ni PDF na JPEG, mara nyingi TIFF, na baadhi ya printa huongeza XPS na PRN. Printa nyingi za wino za nyumbani husoma picha tu, yaani JPEG na pengine TIFF, na hazigusi PDF hata kidogo. Maneno "inaprinti kutoka USB" yaliyoandikwa kwenye boksi hayakuambii wewe umo kundi gani. Jedwali la aina za faili lililo kwenye kitabu cha maelekezo ndilo linalosema.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kila mara ni: faili imekwama hatua gani? Flashi haikusomwa, jina halikuorodheshwa, yaliyomo hayakufumbuliwa, au yamefumbuliwa vibaya? Wewe unayo mfano wa kila hatua, kwa hiyo tuzifuate kwa mpangilio huo.

Flashi ya GB 64

Flashi inapotoka dukani huwa imeshafomatiwa, yaani imewekewa mfumo wa kupanga faili. Zile za hadi GB 32 kwa kawaida zinakuja na FAT32, na kuanzia GB 64 kwenda juu nyingi zinakuja na exFAT, mfumo ambao Microsoft waliutoa mwaka 2006 kwa ajili ya vifaa vikubwa vya aina hii. Kompyuta inasoma yote mawili bila kukwambia tofauti. Printa nyingi zinajua FAT32 na ndugu yake mkubwa FAT16 tu. Baadhi ya mpya zinasoma exFAT, na chache, hasa zile kubwa za ofisini, zinasoma NTFS. Printa isiyoujua mfumo wa flashi haioni faili hata moja, na inakuletea ujumbe kana kwamba flashi imekufa.

Kuhakikisha ni rahisi. Kwenye Windows, bofya flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `Properties`, kisha soma mstari wa `File system`. Ukikuta `exFAT` au `NTFS`, umeshapata mshukiwa. Dawa ni kufomati upya kuwa FAT32, ukikumbuka kwamba kufomati kunafuta kila kilichomo. Hapa utakutana na kikwazo kingine: dirisha la kufomati la Windows kwa kawaida halikupi chaguo la FAT32 kwa flashi inayozidi GB 32. Unaweza kuingia `Disk Management`, ukafuta sehemu iliyopo na kuunda sehemu mpya ya MB 30000 yenye FAT32, nafasi inayobaki ukaiacha wazi. Itafanya kazi. Lakini mimi nisingejisumbua. Hiyo ya GB 8 inatosha kabisa, ifanye iwe flashi ya printa, na ya GB 64 ibaki na kazi zake.

Kama flashi tayari ina FAT32 na bado printa inaikataa, kuna sababu tatu ninazokutana nazo zaidi. Ya kwanza ni flashi iliyofomatiwa kwenye Mac kwa mpango wa `GUID Partition Map`. Printa nyingi zinataka `Master Boot Record`, na ukifomati kwa `Disk Utility` inabidi uchague hiyo pamoja na `MS-DOS (FAT)`. Ya pili ni flashi iliyofungwa kwa neno la siri, kwa mfano kwa BitLocker, maana printa haina mahali pa kuifungulia. Ya tatu si flashi: ni diski ya nje, au flashi iliyopitishwa kwenye kigawanyo cha USB. Tundu la USB 2.0 linaahidi miliampia 500 tu, na diski ya kuzunguka huenda ikahitaji zaidi ya hapo inapoanza kuzunguka. Printa inakata umeme ili kujilinda, na skrini inakwambia kuna kifaa kinachotumia umeme kupita kiasi, au kisichoungwa mkono.

Jambo dogo kwa wenye printa za zamani za wino: tundu la mbele kwenye baadhi ya hizo ni la PictBridge, utaratibu ulioanza mwaka 2003 wa kuunganisha kamera moja kwa moja. Linafanana kwa umbo, lakini flashi ukiichomeka hapo hakuna kinachotokea, wala haipaswi kutokea. Alama ya PictBridge huwa imechorwa kando ya tundu.

Barua ya Word

Printa imeiona barua yako. Haikuionyesha tu. Orodha ya kwenye skrini inachujwa kwa kiendelezi cha jina, yaani zile herufi za mwisho baada ya nukta kama `.pdf`, na chochote kisicho kwenye orodha ya printa kinafichwa. Ndiyo maana watu huapa kwamba faili imepotea, kumbe ikirudishwa kwenye kompyuta iko pale pale.

Kwa nini PDF ikubaliwe na Word ikataliwe? Faili ya PDF tayari ina kurasa: kila herufi imepewa mahali pake, kwa vipimo. Faili ya `.docx` haina kurasa. Ni kifurushi cha zipu chenye maandishi na maelekezo, na mahali mstari unapokatika au ukurasa unapoishia hupangwa upya na programu kila inapofunguliwa, kwa kutegemea fonti zilizopo kwenye mashine hiyo. Kuiwezesha printa kufanya kazi hiyo ni sawa na kuipa Word ndogo ndani yake. Zipo printa zinazojaribu, baadhi ya modeli za HP na Lexmark zinapokea Word moja kwa moja, lakini hata huko ningegeuza kwanza kuwa PDF, kwa sababu barua iliyoishia ukurasa wa kwanza kwenye kompyuta inaweza kumwaga sahihi yake ukurasa wa pili kwenye printa.

Kwenye Word chagua `File`, `Save As`, kisha aina ya `PDF`. Kabla hujabonyeza kuhifadhi, fungua `Options` na uweke alama kwenye kisanduku kinachotaja PDF/A. Kisanduku hicho kinalazimisha fonti zote zipachikwe ndani ya faili, na faida yake utaiona nikifika kwenye PDF zinazotoka vibaya.

Usibadilishe jina tu. Kila mwezi naletewa flashi yenye `barua.pdf` ambayo ni faili ya Word iliyobandikwa jina jipya, na mwenyewe anashangaa kwa nini sasa inaonekana kwenye orodha lakini inagoma. Jina linapita kwenye kichujio cha orodha, lakini mfumbuaji anaangalia yaliyomo. Kuna na kinyume chake: Windows huficha viendelezi, kwa hiyo mtu anaandika jina `barua.pdf` akihifadhi kwenye Word, na jina halisi linakuwa `barua.pdf.docx`. Kwenye kompyuta anaona `.pdf`, kwenye printa haoni kitu. Washa `File name extensions` kwenye menyu ya `View` ya Windows, na fumbo hilo linakwisha.

Picha ya tangazo

Hii imepita kichujio cha jina ikakwama kwenye kufumbuliwa. Kabla ya kubahatisha, iulize faili yenyewe ni nani. Fungua `Notepad`, kisha buruta picha ndani yake. Itajaa takataka za alama, lakini unachohitaji ni herufi chache za mwanzo kabisa. JPEG halisi inaanza na `ÿØÿ`. Ukikuta `RIFF` na mbele yake kidogo `WEBP`, hiyo ni picha ya WebP iliyopewa jina la `.jpg`, jambo la kawaida sana kwa picha zilizochukuliwa mtandaoni. Ukikuta `PNG` baada ya alama moja ya ajabu, ni PNG. Ukikuta `ftypheic`, ni picha ya iPhone, ambazo tangu iOS 11 ya mwaka 2017 zimekuwa zikihifadhiwa kwa HEIC. Mbinu hiyo hiyo inafanya kazi kwa faili nyingine: PDF inaanza na `%PDF-`, na ile Word iliyojificha itakuonyesha `PK`. Ukimaliza kuangalia funga bila kuhifadhi, maana `Notepad` ikihifadhi picha itaiharibu.

Kompyuta haikukwambia lolote kwa sababu programu nyingi za picha hazijali kiendelezi. Zinasoma herufi hizo za mwanzo na kufungua kimya kimya. Printa haina ukarimu huo. Imeambiwa ni JPEG, imempelekea mfumbuaji wa JPEG, naye amekuta kitu kingine.

Sasa, huenda ukakuta `ÿØÿ` na bado inagoma. Hapo tunaingia ndani ya JPEG yenyewe, na kosa la kawaida ni kwamba picha ni ya aina ya `progressive`. JPEG ya kawaida imepangwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo printa inafumbua ukanda mwembamba wa mistari, inauprinti, inaufuta na kuendelea. Memori inayohitajika ni ndogo sana, chini ya MB 1 kwa picha ya simu. Ile ya `progressive`, inayopendwa kwenye tovuti, imepangwa kwa raundi: picha nzima kwa ukungu kwanza, kisha nzima tena ikiwa wazi kidogo, na kuendelea hadi mwisho. Huwezi kuprinti hata mstari wa kwanza kabla ya raundi ya mwisho kufika, kwa hiyo hesabu zote za picha nzima zinabidi zikae kwenye memori. Kwa picha ya pikseli 4000 kwa 3000 hizo ni karibu MB 36, hata kabla ya kazi nyingine za printa. Baadhi ya watengenezaji waliamua kutoiunga mkono kabisa. Sababu nyingine, hasa kwa matangazo yaliyotoka kwa mbunifu, ni JPEG ya rangi nne za uchapaji, CMYK, badala ya rangi tatu za skrini, RGB. Mtu angedhani printa itaifurahia CMYK kwa kuwa ndiyo wino wake, lakini mfumbuaji wa picha ndani yake ameandikiwa RGB.

Dawa ya yote haya ni moja, na ndiyo sababu siwashauri watu wasumbuke kujua ni sababu ipi hasa. Fungua picha kwa `Paint`, chagua `Save as`, kisha `JPEG picture`, na uipe jina jipya. `Paint` haijui kuandika JPEG za madaha. Inatoa ile ya kawaida, ya RGB, ambayo kila printa inaielewa. Kwa picha ya CMYK rangi zinaweza kuhama kidogo, kwa hiyo itazame kabla ya kuipeleka. Kama una ImageMagick na picha ni nyingi, amri hii inafanya hivyo hivyo kwa picha moja:

```
magick tangazo.jpg -colorspace sRGB -interlace none tangazo2.jpg
```

Fomu iliyotoa maneno ya Kiingereza

Naweza kukisia maneno hayo yanaanzaje: `Please wait...`, na chini yake sentensi inayosema kwamba ikiwa ujumbe huu hautabadilishwa na yaliyomo halisi ya waraka, huenda kisomaji chako cha PDF hakiwezi kuonyesha waraka wa aina hii. Kama ndivyo, fomu yako ni ya XFA.

Kwenye faili ya namna hiyo, fomu imeandikwa kama maelekezo ya XML yaliyowekwa ndani ya ganda la PDF. Ganda lenyewe lina ukurasa mmoja tu wa kawaida, nao ni huo ujumbe wa kusubiri. Adobe Reader inayasoma maelekezo na kuichora fomu mbele ya macho yako. Printa haiyajui, inaprinti ukurasa pekee inaouona, na kwa upande wake imefanya kazi yake sawasawa, ndiyo maana haikukupa ujumbe wowote wa kosa. Fomu hizi zilipendwa sana na taasisi zenye fomu ndefu za kujaza. Toleo la PDF 2.0 la mwaka 2017 limeshaziweka kando, lakini zilizokwisha kusambazwa bado zinazunguka.

Ifungue kwa Adobe Reader, jaza unachotaka kujaza, kisha chagua kuprinti, na mahali pa jina la printa chagua `Microsoft Print to PDF`. Faili mpya utakayoipata haina XFA; ni kurasa za kawaida zilizokwisha kuchorwa, na printa itazitoa. Ukiona herufi zimevurugika kwenye hiyo mpya, rudi kwenye dirisha la kuprinti, bonyeza `Advanced` na uweke alama kwenye `Print As Image`. Faili itanenepa, lakini itakuwa picha ya fomu ilivyo. Jua tu kwamba faili mpya si fomu tena, na kama ya awali ilikuwa na sahihi ya kidijitali, uhalali wake hauhamii huku. Tunza ya awali.

Fomu za PDF zisizo za XFA nazo zina kisa chao kidogo. Wakati mwingine fomu inatoka kamili isipokuwa ulichojaza: mistari ipo, jina lako halipo. Hiyo ni kwa sababu ulichoandika kimehifadhiwa kama nyongeza juu ya ukurasa, na printa imeprinti ukurasa bila nyongeza. Kwenye baadhi ya printa kuna chaguo la kuzijumuisha. Brother kwa mfano huliita `Document & Markup`. Kusipokuwa nalo, njia ni ile ile ya kuprinti upya kuwa PDF.

PDF nyingine zitakazokugomea

Kwa kuwa PDF ndiyo utakayoitumia zaidi, nikae hapa kidogo. Printa inakubali PDF hadi toleo fulani, nyingi za miaka ya karibuni hadi 1.7, lile lililofanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2008. Namba ya toleo lakini ni nadra kuwa tatizo peke yake. Tatizo ni kilichomo.

Ya kwanza ni fonti isiyopachikwa. PDF inaruhusiwa kutaja jina la fonti bila kuibeba, ikitegemea msomaji awe nayo. Kompyuta inayo, printa haina, inaweka nyingine. Dalili yake ni maneno yaliyobanana au kupishana, au vijisanduku mahali pa herufi zenye alama, huku picha na mistari vikitoka vizuri. Fungua faili kwa Adobe Reader, nenda `File`, `Properties`, kichupo cha `Fonts`. Kila jina linapaswa kufuatwa na `Embedded` au `Embedded Subset`. Lisilofuatwa na maneno hayo ndilo mkosaji. PDF/A, niliyokuambia uiwashe kwenye Word, hairuhusu fonti ibaki nje.

Ya pili ni neno la siri. PDF inayodai neno la siri ili ifunguliwe itakataliwa na printa nyingi, ingawa nyingine zitakuuliza ulichape kwenye skrini. Iliyo ya hila zaidi ni ile inayofunguka bila neno lolote lakini mwenye nayo amekataza kuprinti. Wewe huoni tofauti ukiisoma. Printa inaiheshimu marufuku hiyo na kukataa. Angalia kichupo cha `Security` pale pale, mstari wa `Printing`. Ukikuta `Not Allowed`, mtafute aliyekutumia.

Ya tatu ni nyaraka zilizoskaniwa. Programu za kuskani zinapenda kubana kurasa kwa JBIG2 au JPEG 2000 ili faili iwe ndogo, na kuna printa ambazo zinasoma PDF 1.7 lakini zimeviacha hivyo viwili nje. Dalili hapa ni kurasa nyeupe, au ujumbe wa data isiyoungwa mkono, kwa faili ambayo kwa ukubwa ni ndogo tu. Kuprinti upya kuwa PDF kunasaidia. Ukiwa na Ghostscript, hii huandika faili upya, inafumbua mibano hiyo na kupachika fonti inazozipata; kwenye Windows andika `gswin64c` mahali pa `gs`:

```
gs -o mpya.pdf -sDEVICE=pdfwrite -dCompatibilityLevel=1.4 zamani.pdf
```

Ya nne ni uzito. Faili inaanza vizuri, kurasa tatu za kwanza zinatoka, ya nne yenye ramani au picha za tabaka nyingi inasimama na ujumbe wa memori kujaa. Jaribu kuprinti ukurasa huo peke yake kwa azimio la chini, yaani dpi 600 badala ya 1200, kama skrini inakupa chaguo hilo. Ukurasa ukikataa hata hivyo, ugeuze kuwa picha kwenye kompyuta.

Kwenye skrini yenyewe

Hakuna draiva, kwa hiyo hakuna mipangilio iliyobebwa kutoka kompyuta. Idadi ya nakala, pande mbili za karatasi, rangi, trei: vyote unavichagua kwenye skrini baada ya kugusa jina la faili na kabla ya kugusa kitufe cha kuanza. Kinachowaangusha wengi ni ukubwa wa karatasi. PDF iliyotengenezwa kwa Letter ina ukurasa wa milimita 216 kwa 279. A4 ni 210 kwa 297. Kwa macho hutatambua, printa inatambua, na badala ya kuprinti inasimama ikikuomba uweke Letter kwenye trei. Watu hudhani imeganda na kuizima. Tafuta `Fit to Page` au chaguo la jina linalofanana na hilo, liwashe, au chagua A4 waziwazi badala ya `Auto`.

Faili za `.prn` nazitaja kwa onyo. Hiyo ni kazi iliyokwisha kutafsiriwa na draiva na kuhifadhiwa badala ya kutumwa, kwa kuweka alama kwenye `Print to file`. Ni njia nzuri kwa faili sugu, ilimradi draiva iwe ya printa ile ile utakayochomeka flashi. Ukitumia draiva ya modeli nyingine, huenda ukaona karatasi ya kwanza ikitoka na mstari kama `@PJL ENTER LANGUAGE=PCLXL`, kisha karatasi nyingi zenye alama mbili tatu kila moja. Bonyeza kitufe cha kusitisha mara moja na utoe trei, maana itakula rimu.

Ukitumia Mac kuweka faili, utaona majina mawili mawili kwenye skrini ya printa: `ripoti.pdf` na `._ripoti.pdf`. Hiyo ya pili ni faili ndogo ya taarifa za Mac, si waraka, na ukiichagua inagoma kila mara. Chagua isiyo na nukta mwanzoni, au zifute kwa `Terminal` ya Mac kabla ya kutoa flashi, ukiweka jina la flashi yako mahali pa `FLASHI`:

```
dot_clean -m /Volumes/FLASHI
```

Ukienda kuprinti mahali pengine ukakuta printa ya ofisi haiitikii flashi hata kidogo, bila ujumbe wala taa, usianze kufomati. Printa nyingi za ofisi hufungiwa tundu hilo na msimamizi kwa sababu za usalama, na kwenye printa kubwa za HP linatoka kiwandani likiwa limezimwa. Linawashwa na msimamizi kupitia ukurasa wa mipangilio wa printa kwenye kivinjari.

Na usichomoe flashi skrini inapoandika kwamba inaprinti, hata kama karatasi zimeshaanza kutoka. Printa nyingi hazinakili faili yote kwanza. Zinasoma kipande, zinaprinti, zinarudi kusoma. Subiri ukurasa wa mwisho utoke na skrini irudi kwenye orodha ya faili, taa ya flashi ikiwa imetulia, ndipo uitoe.